Armstrong Alikosea Kwenye Sentensi ya Pili

Rekodi ile mmeisikia, kwa hiyo sitaisimulia yote. Ijumaa ya tarehe 9 Agosti 2013, Tim Armstrong, bosi wa AOL, anazungumza na wafanyakazi wapatao 1,000 wa Patch, mtandao wa AOL wa tovuti za habari za mitaani, wengi wao wakiwa kwenye simu. Vituo vingi vya habari vinafungwa, watu wanajua ajira zinaondoka. Mkurugenzi wa ubunifu ameinua kamera. Armstrong anamwambia aiweke chini. Papo hapo anamwambia amefukuzwa, atoke. Kimya kidogo, kisha hotuba inaendelea.

Sehemu iliyobaki ya mkutano ilikuwa na mpangilio mzuri na ujumbe haukuzungushwa. Basi, tumeshampa haki yake.

Sasa turudi kwenye zile sentensi mbili, maana kosa liko katikati yake. Ya kwanza haina dosari: amri fupi, juu ya tendo linaloonekana, ndani ya mamlaka yake. Mtu akiambiwa aweke kamera chini, ama anaiweka au anakataa, na meneja anapata sekunde kadhaa za kuona kipi kimetokea. Armstrong hakuzingoja. Adhabu ilitoka kabla ya jibu, na hiyo ndiyo alama ya kumtambua mtu aliyekwisha kushikwa na hasira: hakusanyi tena taarifa. Angeongeza tu “tutazungumza baada ya mkutano” na kuendelea, asingepoteza chochote. Hata kumfukuza, kama alistahili, kungewezekana saa mbili baadaye, mlango umefungwa, ofisa rasilimali watu akiwepo.

Kuna wanaosifu utulivu wa sauti yake alipoendelea. Siuoni utulivu pale. James Gross na Robert Levenson walionyesha mwaka 1993 kwamba mtu anayeficha hisia usoni haipunguzi ndani. Mwili wake unazidi kufanya kazi. Sauti iliyonyooka baada ya kumfukuza mtu mbele ya umati inatuambia kwamba koo limedhibitiwa, basi. Katika mkutano huohuo alisema uvujaji wa habari haumsumbui. Mtu asiyesumbuliwa na uvujaji hamfukuzi mpiga picha kwa pumzi moja.

Hapa nitarudia malalamiko yangu ya siku zote kuhusu semina za akili hisia zinazouzwa kwenye kumbi za hoteli: vuta pumzi, hesabu hadi kumi. Hilo ni somo la dakika ya mwisho. Gross huyohuyo anapanga udhibiti wa hisia kwa hatua, na za mwanzo hutangulia hisia yenyewe: unachagua hali utakayoingia, unaibadilisha ikiwezekana. Armstrong alikuwa na nafasi hiyo. Waraka wake wa baadaye ulieleza kwamba mfanyakazi yule alikuwa ameshaonywa kuhusu kurekodi. Kwa hiyo jambo la kumkera lilijulikana. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Patch, na sasa anatangaza kuikata mwenyewe. Meneja anayejitambua huketi asubuhi na kujiuliza: leo nini kitanichoma, na kikitokea nitasema nini? Kisha anamwomba msaidizi atangaze mlangoni kwamba hakuna picha.

Wazee walijua kazi hii. Sikilizeni kanda za Ikulu ya Marekani za tarehe 19 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba. Jenerali Curtis LeMay anamwambia Rais Kennedy kwamba kuizingira Kuba ni kubaya karibu sawa na siasa ya kumridhisha mchokozi kule Munich. Kwa Kennedy hilo lilikuwa tusi la nyumbani: baba yake alikuwa balozi London mwaka 1938 na aliunga mkono siasa ile. Kennedy hajibu. Baadaye LeMay anamwambia yuko kwenye matatizo makubwa. Kennedy anauliza: umesemaje? Jenerali analazimika kurudia, na Kennedy anamjibu kwamba na yeye yumo humohumo pamoja naye. Watu wanacheka. Swali lile moja lilimnunulia muda na kumrudishia mwenzake mzigo wa maneno yake. Hasira alikuwa nayo. Aliitoa faraghani kwa msaidizi wake, Kenneth O’Donnell, baada ya mkutano.

Armstrong aliomba radhi siku nne baadaye, akakiri kwamba alitenda kwa haraka na kwa hisia. Ajira hakuirudisha. Wala somo halikukaa: mwezi Februari 2014, akiwaeleza wafanyakazi kwa nini michango ya pensheni inabadilishwa, aliwataja watoto wachanga wawili wa wafanyakazi ambao matibabu yao, kwa maelezo yake, yaligharimu kampuni dola milioni moja kila mmoja. Siku chache baadaye mabadiliko yakafutwa, kwa waraka mwingine wa kuomba radhi.