Mwaka Unaoandikwa Chini ya Sauti ya Mzee

Katika kazi zote zinazohitajika ili kutengeneza filamu fupi ya dakika tatu au nne, ambamo mzee anaeleza jinsi mtaa wake ulivyoanza, iliyo ngumu kuliko zote, na inayostahili sifa kuliko zote, ni kazi ya kuupata mwaka. Mzee husimulia kwa matukio: ndoa, njaa, mvua iliyopita kiasi, kifo cha mtu aliyeheshimiwa. Mtazamaji naye huona kwenye kona ya skrini tarakimu nne zilizo nyeupe na zisizotikisika, akazisadiki kuliko anavyosadiki sauti anayoisikia. Tarakimu hizo mara nyingi hazikutamkwa na mzee hata kidogo, bali zimejengwa na mhojaji, yaani mtu anayeuliza na kurekodi, kwa kuunganisha majibu ya maswali mengi madogo ambayo baadaye hukatwa na hayaonekani tena. Ndiyo maana ustadi wake haupimwi kwa uzuri wa picha tu, bali pia kwa uhalali wa mwaka aliouandika.

Mitaa ya Same inaonyesha hitaji hilo waziwazi. Mji huu umekaa kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, na ulikua kwa sababu ya reli na ofisi za serikali, ilhali kwa muda mrefu watu wengi waliendelea kuishi juu, kwenye ubaridi na maji, huko Mbaga, Chome, Suji na Vudee. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na tarehe hizo zimeandikwa, kwa sababu Wajerumani walioijenga walitunza kumbukumbu za reli yao. Familia zilizoshuka milimani moja moja, zikajenga nyumba kwa fito na udongo na kuanzisha mtaa bila kuhudhuriwa na karani yeyote, hazikuandikwa popote. Mwanzo wa mtaa wa namna hiyo umo vichwani mwa watu wachache, ambao wengi wao sasa wamevuka miaka themanini.

Upare si mahali pageni kwa kazi ya kuyageuza maneno ya wazee kuwa historia yenye mpangilio. Isaria Kimambo, aliyezaliwa Upare na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya masimulizi ya wazee wa milima hii, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kuhusu historia ya siasa ya Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka 1971 alichapisha utafiti kuhusu Mbiru, upinzani dhidi ya kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, ambao mwaka 1945 uliwashusha maelfu ya wanaume kutoka milimani wakapiga kambi Same kuidai serikali ya kikoloni iiondoe. Kutoka katika taaluma hiyo, mtengenezaji wa filamu ya mtaa anaweza kujifunza kutenganisha vitu viwili. Kimoja ni ushuhuda, yaani jambo ambalo msimulizi mwenyewe aliliona akiwa na umri wa kulielewa, na kingine ni mapokeo, yaani jambo alilosimuliwa na waliomtangulia. Bibi aliyezaliwa karibu na mwaka 1940 anaweza kueleza Mbiru kwa ufasaha unaomfanya msikilizaji adhani alikuwapo katikati ya umati, na asiwe anadanganya, kwa kuwa alikua akiisikia jikoni kwa mama yake. Maandishi ya skrini hayana budi kuutunza mpaka huo kwa maneno machache: "1945, kama alivyosimuliwa na wazazi".

Maswali ndiyo yanayoamua kama mwaka utapatikana au utapotea. Swali la kwanza linalomjia mhojaji asiye na uzoefu, "Mlihamia hapa mwaka gani?", ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote, kwa sababu mzee hutaka kumsaidia kijana aliyemjia kwa heshima na kumwamkia shikamoo, naye hutaja mwaka wowote ulio karibu na ulimi. Akishautaja, huushikilia, na kila jibu linalofuata hupindishwa kidogo ili lisiupinge. Mwaka huulizwa mwisho, au hauulizwi kabisa. Kinachotangulia ni maswali yanayogusa vitu vya kuonekana na kushikika: "Mlipofika mlimkuta nani, na nani aliwakuta ninyi?", "Maji mlichota wapi?", "Nyumba ya kwanza mliiezeka kwa nini, na bati lilikuja lini?", "Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba hii ni yupi?", "Siku waliyokuja makarani wa sensa, mlikuwa kaya ngapi hapa?" Sensa ya kwanza baada ya Uhuru ilifanyika Agosti 1967, kwa hiyo swali la mwisho humpa mhojaji nguzo imara bila mzee kutaja tarakimu hata moja.

Kwa kuwa sauti ya mhojaji huondolewa wakati wa uhariri, mzee huombwa tangu mwanzo alirudie swali ndani ya jibu lake, aseme "Maji tulichota..." badala ya kusema tu "Kule bondeni". Wengi husahau baada ya dakika chache, na si adabu kuwakatiza kila mara. Njia ya upole zaidi ni kuliandika swali lenyewe kwenye skrini kwa sekunde chache kabla ya jibu.

Namna majibu yanavyozaa mwaka huonekana vizuri katika mfano, ambao hapa umetungwa ili kila hatua ionekane. Bibi mmoja anasema kwamba yeye na mumewe walishuka kutoka Mbaga "mwaka wa Uhuru", na mhariri mwenye haraka angeandika 1961 akaridhika. Lakini bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, zikiwa zimebaki siku ishirini na mbili tu mwaka uishe, na watu wanaposema "mwaka wa Uhuru" mara nyingi huwa na maana ya kipindi kilichofuata sherehe, pengine hadi Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Akiulizwa hali ya nchi ilikuwaje walipofika, bibi anajibu kwamba kila kitu kilikuwa matope, matofali hayakukauka, na jambo hilo liliwashangaza kwa sababu walikuwa wameambiwa Same ni jangwa. Jibu hilo lina uzito, kwa maana mvua za miezi ya mwisho ya 1961 zilikuwa kubwa isivyo kawaida karibu Afrika Mashariki yote, zikija baada ya ukame, na athari zake zilivuka hadi mwaka uliofuata.

Kisha anaulizwa kuhusu mtoto wa kwanza, naye anasema kwamba walipofika alikuwa tayari mjamzito ila tumbo halijaonekana. Kadi ya ubatizo ya mtoto huyo, inayotolewa kwenye sanduku la bati, inaonyesha kuwa alizaliwa Agosti 1962. Ujauzito huo basi ulianza karibu na Novemba 1961, na kama tumbo lilikuwa halijaonekana, kufika kwao kulikuwa kati ya Desemba na Februari au Machi. Swali kuhusu fedha waliyolipia mabati, kama ni noti zenye picha ya Malkia, zenye jahazi, au zile zenye picha ya Nyerere zilizotoka mwaka 1966, linajibiwa kwa haraka: za Malkia. Jibu hili halipunguzi kipindi, lakini halipingani nacho, nalo lina faida ya kuonyesha kuwa kumbukumbu ya bibi haijarushwa mbele kwa miaka mitano au kumi. Kinachostahili kuandikwa kwenye skrini ni "1961–1962".

Kama kadi ingeonyesha Agosti 1964, hesabu yote ingekwama. Pengine bibi amechanganya sherehe za Uhuru na zile za Muungano wa Aprili 1964, au kadi imeandika tarehe ya ubatizo mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Upo pia uwezekano wa tatu, ambao mhojaji mwenye utu huukumbuka kabla ya kuuliza zaidi: kwamba mtoto wa kwanza alifariki mchanga, na mwenye kadi ni wa pili. Jambo hilo huulizwa kamera ikiwa imezimwa, au huachwa kabisa, na mwaka ukaandikwa kwa upana zaidi.

Upana huo ndio heshima ya ufundi wenyewe. Mwaka mmoja ulio peke yake huandikwa pale tu tukio linapofungwa na tarehe inayojulikana. "Kati ya" hutumika pale mipaka yote miwili ilipopatikana, "kabla ya" pale uliopatikana ni mpaka mmoja, na "karibu na" pale hesabu imetegemea umri au idadi ya vizazi. Maandishi huingia mzee anapoanza kulitaja tukio, si anapolimaliza, na hukaa sekunde tatu au nne, upande ambao hayafuniki mkono wake unaoelekeza mahali palipokuwa kisima. Kwa sababu mwanga wa Same ni mkali na ardhi yake huonekana nyeupe kwenye picha, tarakimu nyeupe huhitaji kivuli cheusi nyuma yake, la sivyo humezwa. Mzee akihamia Chasu, lugha ya Wapare, kama inavyotokea anapomtaja mama yake, tafsiri ya Kiswahili huwekwa chini na mwaka huhamishiwa juu, ili mtazamaji asidhani kwamba mwaka ni sehemu ya maneno yaliyotamkwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko kosa la hesabu imo katika swali la nani alitangulia. Kusema mbele ya kamera kwamba familia fulani ilifika kwanza ni kutoa ushahidi kuhusu ardhi, hata kama mzee hakukusudia hivyo, na mwaka ulioandikwa chini yake huupa ushahidi huo sura ya hati. Ndiyo maana filamu huonyeshwa kwanza kwa msimulizi mwenyewe, kisha kwa wazee wengine wawili au watatu wa mtaa uleule, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa huwa ndiye mwenye kumbukumbu. Mmoja wao akisema kwamba walipofika palikuwa na boma la Wamaasai ambalo halikutajwa, maneno ya bibi hayabadilishwi wala hayakatwi. Kinachobadilika ni maandishi ya skrini: pale palipoandikwa "Nyumba ya kwanza, 1961–1962" panaandikwa "Nyumba ya kwanza ya familia hii, 1961–1962". Mahojiano yote ya saa nzima hutunzwa pamoja na karatasi inayoeleza jinsi kila mwaka ulivyopatikana, ikiwemo kadi iliyoonwa na swali lililoulizwa, ili atakayekuja na ushahidi bora ajue ni tarakimu ipi ya kusahihisha.