Goti la Mbuzi Mezani

Lugha yetu ya jikoni ina neno moja, mshipa, nayo hulitwika mizigo mingi kuliko nguvu zake: ipitishayo damu ni mishipa, ipelekayo hisia ubongoni ni mishipa, na kile kitu cheupe kigumu kinachokwama menoni mwa mnywa supu nacho huitwa mshipa vile vile. Mpishi hana haja ya kupambanua, maana sufuria yake huvipokea vyote bila ya kuuliza. Bali mwalimu wa elimu ya viumbe, aliyewakaririsha vijana arubaini kwamba kano hufunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa mwenziwe, hutanabahi siku ya mtihani kuwa nusu yao wamezipindua istilahi hizo mbili, kwa sababu hawakuwa na kitu chochote cha kuzitundikia. Mimi nami nilifundisha hivyo kwa miaka, kwa chaki na ubao, hata kijana mmoja wa safu ya nyuma akaniuliza: "Maalim, ikiwa zote ni nyeupe, na zote zimeshika mfupa, nitajuaje ipi ni ipi?" Sikuwa na jawabu la haki. Jioni ile nikapita kwa muuza nyama.

Muuza nyama ana desturi ya kupiga shoka pale pale unapopahitaji, kwa hiyo sharti umwambie mapema: mguu wa nyuma wa mbuzi, kutoka karibu na nyonga hata chini ya nusu ya muundi, na goti lisiguswe. Uwe mbichi, tena wa siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza niliupeleka darasani umechemshwa, nikidhani kuwa utakuwa safi na mwepesi wa kupasua, nikaaibika. Kwani kano na ligamenti aghalabu zimefumwa kwa nyuzi za kolajeni, na kolajeni ikikaa motoni saa kadhaa huyeyuka ikawa ule utelezi ugandao juu ya supu ya makongoro ikipoa, na viungo vyote huachana vyenyewe bila ya kumfundisha mtu lolote. Ila upo ukanda mmoja usiokubali moto, nao ni ule wa manjano upitao juu ya shingo, kutoka mabegani hata kisogoni, unaomsaidia mnyama kubeba kichwa bila ya kuchosha misuli. Ule ni ligamenti, lakini umejaa nyuzi za elastini, zinazovutika kama mpira na zisizoyeyuka. Na kila mpishi aliyepata kulaani nyama ya shingo ameshakutana nao.

Basi mguu umelala mezani, juu ya ubao uliotengwa kwa kazi hiyo tu, na kisu ni kidogo, kikali, kimelazwa ubapa. Maana kisu butu humfanya mtu akaze mkono, na mkono uliokazwa hukata kilichofichika kabla macho hayajakiona. Huanza na msuli mkubwa wa mbele ya paja. Huuachanisha na jirani zake kwa ncha ya kidole zaidi kuliko kwa kisu, nikiufuata unavyoshuka, nao hupungua unene, wekundu wake ukafifia, hata ukageuka ukanda mweupe unaong'aa kama lulu. Hapo humwita mwanafunzi, nikamwambia aushike msuli juu, auvute taratibu. Muundi hunyooka. Aliyevuta hushtuka, kama kwamba mbuzi amerejewa na roho, na darasa hucheka. Kisha huwaonyesha kwamba hakugusa mfupa hata kidogo, bali alivuta nyama, na nyama ikavuta kano.

Baada ya hapo huugeuza mguu, nikasafisha upande wa ndani wa goti, mahali ambapo ukanda mwingine, bapa na mweupe vile vile, umeshuka kutoka kwenye fupaja ukashika muundi. Huwaamuru wavute kila msuli ulio karibu, mmoja baada ya mwingine, na ukanda ule hautikisiki. Lakini mtu akijaribu kulikunja goti kwa ubavu, kuelekea nje, hukazana mara moja, na kidole kilichowekwa juu yake huhisi ukikataa. Hii ndiyo ligamenti: haimwendeshi mtu popote, kazi yake ni kuzuia. Hapo ndipo nilipopata jawabu la yule kijana, kwamba rangi haimfai mtu kitu, bali kila uzi uulizwe nasaba yake, umetoka wapi na umefika wapi. Kwa kanuni hiyo hiyo hujulikana hata ule mshipa wa fahamu upitao nyuma ya goti, ambao wengi huudhania kuwa kano: ni mlaini, haung'ai sana, na ukiufuata hugawanyika matawi yakapotelea ndani ya misuli.

Sasa kiungo hufunguliwa. Hukata mfuko wake kwa mbele, kandokando ya kilegesambwa, nikakiinua juu kama kifuniko, na ute hutoka kidogo, wenye kunata na kuteleza, nao haustahili jina jingine, maana ni ndugu wa ute wa yai kwa macho na kwa mguso. Nikiondoa donge la shahamu lililoziba njia, huonekana gegedu lililovika ncha za mifupa, laini kama kauri, na baina yake vitakia viwili vya umbo la mwezi mwandamo. Katikati kabisa zipo ligamenti mbili fupi zilizopishana kama msalaba. Huwapa vijana muundi waushike, goti likiwa limekunjwa, wajaribu kuuvuta mbele, hausogei. Nikiingiza ncha ya kisu nikaikata ile ya mbele peke yake, wakavuta tena, muundi huteleza kuja mbele kama mtoto wa meza. Mcheza mpira anayeanguka uwanjani bila ya kuguswa na mtu, akashika goti, mara nyingi ameikata ligamenti hiyo hiyo, na tabibu humlaza chali, akamkunja goti, akauvuta muundi wake kama walivyouvuta wao.

Mguu wa kuku hauna haja ya maneno mengi. Nyuma ya pale ulipokatwa hutokeza ncha za kano. Zikishikwa kwa kibanio zikavutwa, vidole hujikunja, na zile za mbele zikivutwa hukunjuka. Msuli wenyewe ulibaki juu, kwenye nyama iliyokwenda mchuzini.

Tatizo lilinijia kwa kilegesambwa. Kipande kile cha mfupa kimezaliwa ndani ya kano ya msuli wa paja, na chini yake, kwa mbuzi, umetoka ukanda mmoja tu mnene kwenda kushika muundi. Ng'ombe anazo tatu. Kijana mmoja alisema ukanda huo ni ligamenti, maadamu umetoka mfupani ukaingia mfupani, na daftari ndivyo lisemavyo. Binti aliyeketi mkabala naye akaukamata msuli, akauvuta, muundi ukanyooka, akauliza ligamenti gani hii iendeshayo mguu. Niliwaambia ya kweli, kwamba vitabu vyenyewe havikuafikiana, hiki huuita ligamenti na hiki huuita kano, na kwamba wote wawili wamefuata kanuni niliyowapa bila ya kukosea. Hawakuridhika. Kengele ililia, paka wa shule wakapewa haki yao, nasi tukaenda mferejini kunawa kwa sabuni hata viwiko. Na nilipoondoka binti yule alikuwa bado amelinyoosha goti lake mwenyewe, kidole chini ya kilegesambwa, akimwonyesha mwenziwe jinsi paja linavyokaza.