Namba Haisomwi Kabla ya Picha

Mama mmoja wa Madale, fundi cherehani mwenye kisukari cha miaka mingi, alifika na bahasha mbili. Tundu la sindano lilikuwa likipotea kila alipolikazia jicho la kushoto, ingawa vitu vya pembeni aliviona. Akaniuliza, "Mwanangu, wanasema limevimba. Mbona kwenye kioo silioni?"

Kilichovimba, mama, ni makula, sehemu ndogo ya katikati ya retina, nyuma kabisa ya jicho, tunayoitumia kusomea na kutambua sura za watu. Kipimo cha OCT hupenyeza mwanga na kupima unavyorudi, kikatoa picha kama ya kipande cha mkate wa kumimina kilichokatwa, kikatazamwa ubavuni. Makula nzima ina kishimo laini katikati. Ya mama ilikuwa kilima, na ndani yake vitundu vyeusi. Weusi ule ni maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa myembamba iliyoharibiwa na sukari.

Katika kila bahasha mlikuwa na karatasi ya OCT: ya kwanza iliandika unene wa katikati mikroni 512, ya pili, ya wiki mbili baadaye, 431. Kwa mashine nyingi, katikati palipo pazima huwa karibu 250 hadi 280. Mama alikuwa na furaha: wiki mbili bila dawa, na uvimbe umepungua! Iliniuma kumwambia hapana.

Mimi huanzia kwenye ubora wa picha. Ya kwanza ilikuwa na nguvu ya mawimbi 4 kati ya 10, na kwenye mashine ile nataka 6 au zaidi. Mtoto wa jicho, jicho kavu au kupepesa huififisha picha. Kisha nikafuata kwa kidole mistari miwili ambayo mashine huichora, mmoja juu ya retina, mwingine chini yake. Kwenye picha hafifu mstari wa chini ulikuwa umeteleza chini ya retina, hivyo mashine ilihesabu kisichokuwa retina. Kwenye ya pili, yenye 8, mistari ilikumbatia tabaka vizuri. Hiyo ndiyo niliyoiamini. Zile mikroni 81 za tofauti zilikuwa kosa la kupima, si nafuu.

Hata picha safi ina mpaka wake. Inaonyesha maji, lakini OCT ya kawaida haionyeshi kama mishipa midogo imeziba, na watu wawili wenye unene uleule wanaweza kuona tofauti kabisa. Kwa hiyo isomwe pamoja na herufi za ukutani.

Mama alianza sindano za dawa ndani ya jicho, akiendelea kudhibiti sukari. Nawe ukirudi kupimwa, omba mashine ileile, na uende na karatasi zako za zamani.