Kura ya Grupuni Ni Mlolongo, Si Sanduku

Tuchukue kikoba cha watu 30. Wengine wako Mlandizi na Ruvu stesheni, upande wa Kibaha, na wengine Kisarawe, kwa hiyo kuwakutanisha wote ni nauli na siku nzima. Katibu anaamua siku ya kikao ichaguliwe kwenye grupu la WhatsApp. Anagusa alama ya kuambatisha, anachagua Poll, anaandika swali na majibu matatu, kisha anatuma. Kesho yake skrini inaonyesha Jumamosi 17, Jumapili 15, Jumatano 9, na ubishi unaanza, kwa sababu 17 na 15 na 9 ni 41, na kikoba hakina watu 41.

Hakuna aliyeiba. Kura hizi zilipoingia WhatsApp mwishoni mwa 2022, mtu aliweza kuchagua majibu mengi apendavyo. Kitufe cha kumbana kila mtu kwenye jibu moja kilikuja mwaka uliofuata: ni kile kilichoandikwa Allow multiple answers, ambacho mtunga swali hukizima kabla ya kutuma. Katibu wetu hakukizima. Akifungua View votes atakuta waliopiga ni watu 26, baadhi yao wakiwa wamechagua siku mbili. Nusu ya 26 ni 13, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zote zimevuka nusu. Hesabu hiyo inafaa sana kwa siku ya kikao, maana inaonyesha siku ambayo wengi wataweza kufika. Kwa kumchagua mweka hazina haifai kabisa, na swali likishatumwa halirekebishwi. Inabidi kulifuta na kuanza upya.

Kura zenyewe huhesabiwa ndani ya simu ya kila mwanachama. Kila kura husafiri kama ujumbe uliofungwa kwa ufunguo ambao simu za wanagrupu ndizo zinazo. Seva ya kampuni inaupitisha bila kuona umechagua nini, kwa hiyo haina namna ya kujumlisha. Simu yako hupokea ujumbe wa kila mpigaji, huufungua na kuongeza moja kwenye jibu lake. Akibadili mawazo, kura mpya hufuta ya zamani. Ndiyo maana aliyeishiwa bando tangu jana anaweza kuona 15 pale ambapo mwenzake anaona 17, na wote wawili wasiwe waongo. Aliyeingizwa grupuni baada ya swali kutumwa hatapiga, kwa kuwa swali halikumfikia. Na kinachohesabiwa ni akaunti, si mtu: mwenye laini mbili grupuni ana kura mbili, na mke na mume wanaotumia simu moja wana kura moja.

Ukishaelewa hivyo, swali la nani anaona nini linajijibu. Ili simu yako ijumlishe, lazima ijue kila ujumbe umetoka kwa nani. Kwa utaratibu wa kawaida wa grupu, mwanachama yeyote akigusa View votes anasoma majina chini ya kila jibu, pamoja na saa ya kupiga. Wala hahitaji kupiga kwanza. Anaweza kusubiri aone mwenyekiti yuko upande gani, ndipo amfuate.

Wakenya waliwahi kupiga kura za namna hiyo uwanjani. Katika mchujo wa KANU wa 1988 wapiga kura walipanga mstari nyuma ya wakala wa mgombea wao, hadharani, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 hakupelekwa tena kwenye kura ya siri. Aliyedaiwa na mgombea, au aliyemwogopa, alijua anaangaliwa. Mwanachama anayedaiwa mkopo na mweka hazina anapogusa jina la mpinzani wake yuko katika mstari ule ule.

Telegram ilichukua njia nyingine. Kura zake za 2018 zilianza zikiwa za siri, na kuonyesha majina kukaongezwa 2020 kama hiari ya mtunga swali. Kule seva ndiyo inayohesabu, mpigaji haoni matokeo mpaka apige, na mtunga swali anaweza kufunga kura. Siri hiyo ni kwa wanagrupu wenzako. Mfumo wenyewe lazima ujue akaunti ipi imeshapiga ili isirudie. Tena katika grupu dogo siri huvuja: hesabu ikiwa 14 kwa 9, mtu akaandika “nimeshapiga”, na papo hapo ikawa 15, kila aliyekuwa anatazama amejua.

Kwa kikoba chetu, siku ya kikao ibaki grupuni. Katibu atangaze mapema kwamba hesabu itachukuliwa Ijumaa saa 2 usiku, apige picha ya skrini saa hiyo akiwa na mtandao, na badiliko la baadaye lisihesabiwe. Wenye kitochi awapigie simu na kuandika majibu yao kando. Mweka hazina achaguliwe siku ya kikao chenyewe, kwa vikaratasi vilivyokunjwa, na vihesabiwe mbele ya wote.