Libero na mpira wa juu: filimbi inalilia nini?

Mpira wa pili unamwendea libero karibu na neti. Anauinua kwa vidole, pasi safi kabisa, na mshambuliaji wa kushoto anaruka na kuupigilia sakafuni upande wa pili. Filimbi inalia, na pointi wanapewa wapinzani. Watazamaji wengi hudhani mshambuliaji amegusa neti. Hakugusa. Kosa lilianzia kwenye miguu ya libero, iliyokuwa ndani ya mstari wa mita tatu alipoinua mpira ule kwa vidole, likakamilika mwenzake alipoupiga ukiwa wote juu ya neti.

Ili kuelewa kwa nini kazi nzuri kama ile inaadhibiwa, tuanze na kile ambacho libero amepewa lakini mchezaji mwingine yeyote hana. Kocha wa voliboli ana mabadiliko sita tu katika seti moja. Libero hahesabiwi humo. Anaingia na kutoka mara nyingi apendavyo kocha, bila kuomba ruhusa ya refa, akipitia ubavuni upande wa benchi, kati ya mstari wa mita tatu na mstari wa mwisho. Shirikisho la Kimataifa la Voliboli, FIVB, lilimwingiza rasmi mwaka 1998, wakati sevu za kuruka na mashambulizi ya wachezaji warefu yalikuwa yakimaliza mpira kabla haujachezwa. Lilihitajika jicho na mkono wa kuudaka ule mpira wa kwanza, ndiyo maana akavishwa jezi ya rangi tofauti: refa wa pili na karani wamfuate kwa macho kila anapovuka mstari.

Sasa tazama jinsi anavyotumika. Timu nyingi humtumia kuwapumzisha wachezaji wawili wa kati, wale warefu ambao kazi yao kubwa ni kuzuia na kushambulia kwenye neti. Tuwaite Wa Kati A na Wa Kati B. A yuko nafasi ya 1 na anasevu. Timu yake ikipoteza sevu, A anatoka na libero anaingia mahali pake kupokea. Timu ikishinda mpira, inazunguka: libero anakwenda nafasi ya 6, baadaye ya 5. Mzunguko unaofuata ungemfikisha nafasi ya 4, mstari wa mbele, na huko haruhusiwi. Kwa hiyo anatoka na A anarudi, tayari kuzuia. Wakati huohuo B, aliyekuwa nafasi ya 2, amefika nafasi ya 1 kusevu. Sevu ya B ikipotea, libero anaingia kwa ajili yake, na mzunguko unaanza upya.

Mpango huu unafaa kanuni kama ufunguo na kufuli yake. Kanuni inadai mpira mmoja uchezwe hadi mwisho kati ya kutoka kwa libero na kuingia kwake tena, na sevu ya B ndiyo inayotoa mpira huo mmoja. Kocha anayemtoa libero kisha akamrudisha kwa mchezaji mwingine kabla ya sevu yoyote kupigwa amevunja kanuni hii. Vilevile libero aliyeingia kwa A hawezi kutoka akaingia B mahali pake. Anayerudi ni A mwenyewe, au libero wa pili kama timu inaye. Refa akiligundua kosa kabla ya sevu, analirekebisha na timu inaadhibiwa kwa kuchelewesha mchezo. Likigunduliwa baada ya sevu kupigwa, pointi na sevu vinakwenda kwa wapinzani.

Katika uhuru huo wa kuingia na kutoka ndimo inamoonekana sababu ya libero kukatazwa kushambulia juu ya neti. Mchezaji wa kawaida wa nyuma anaruhusiwa kuruka kutoka nyuma ya mstari wa mita tatu na kuupiga mpira juu ya neti. Libero hapewi hata hilo. Angepewa, kila kocha angemweka mpigaji hodari katika jezi ile ya rangi nyingine, ampe mizunguko yote ya nyuma bure, na kikomo cha mabadiliko sita kingebaki cha jina tu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kanuni nzima: ruhusa ya kuingia na kutoka bila kikomo imelipiwa kwa kumwondoa libero kwenye anga ya juu ya neti. Hashambulii huko, hazuii wala hajaribu kuzuia. Katika mashindano ya FIVB hasevu pia, ingawa voliboli ya vyuo ya wanawake nchini Marekani humruhusu kusevu katika nafasi moja ya mzunguko, na mchezo haujaharibika. Kushambulia ni jambo jingine.

Maneno ya kanuni yanahitaji kusomwa taratibu. Libero hakatazwi kupeleka mpira upande wa pili. Anakatazwa kukamilisha shambulio popote uwanjani, hata akiwa nyuma kabisa, ikiwa wakati anaugusa mpira wote uko juu ya ukingo wa neti. Neti ya wanaume ina mita 2.43 na ya wanawake mita 2.24. Sehemu ndogo tu ya mpira ikiwa chini ya kimo hicho, hakuna kosa. Ndiyo maana libero aliyesimama akausukuma mpira kwa vidole juu ya paji la uso hadi kona ya wapinzani huwa salama: mikono yake haijafika huko. Hatari inakuja anaporuka, hasa kwenye neti ya wanawake iliyo chini zaidi.

Kanuni ya vidole ndani ya mita tatu inaziba mlango wa nyuma. Bila hiyo, libero angekuwa seta wa pili karibu na neti, akiwapa washambuliaji mipira mizuri kila seta anapolazimika kuokoa mpira wa kwanza. Lakini katazo ni la vidole tu. Akiuinua kwa mikono ya chini akiwa palepale, mwenzake anapiga bila wasiwasi. Ukimwona libero mzoefu anapiga goti karibu na neti na kuunyanyua mpira kwa mikono ya chini, ingawa muda wa kutumia vidole alikuwa nao, ujue alihisi mstari chini ya miguu yake.

Njia ngumu zaidi, na ninayoipenda zaidi kuitazama, ni kuruka. Kinachohesabiwa ni mahali miguu ilipogusa sakafu kwa mara ya mwisho. Libero akiondoka nyuma ya mstari, akauinua mpira kwa vidole akiwa hewani, kisha akatua mbele, pasi ni halali. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo la mbele, hivyo ncha ya kiatu ikiukanyaga wakati wa kuondoka, faida yote imepotea. Jenia Grebennikov wa Ufaransa amewapa washambuliaji wake mipira mingi kwa njia hii. Sérgio Dutra Santos wa Brazil, anayejulikana kama Serginho, naye alikuwa na vidole vya seta. Alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio mwaka 2016, alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano upande wa wanaume, yeye asiyeruhusiwa kuupiga mpira juu ya neti hata mara moja.

Hata libero akichelewa na kutumia vidole ndani ya mstari, bado mpira haujapotea, kwa sababu filimbi hulia tu mwenzake anapokamilisha shambulio juu ya neti. Mshambuliaji mwenye macho huiona miguu ya libero, haruki, anauacha mpira ushuke chini ya ukingo wa neti, kisha anausukuma kwa vidole kwenye nafasi iliyo wazi nyuma ya wazuiaji.