Ngazi sita za kuridhika: kuitafsiri hati ya kazi ya Mjerumani

Mtu aliyefanya kazi Ujerumani akirudi nyumbani huja na karatasi ambayo huku hatuna ya kufanana nayo. Kwetu, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi kwa fomu iliyowekwa. Sifa za mtu huachiwa wadhamini ambao majina yao yanaandikwa kwenye maombi. Ujerumani, kifungu cha 109 cha sheria yao ya shughuli za biashara, Gewerbeordnung, kinampa mfanyakazi haki ya kudai hati inayoeleza pia utendaji na mwenendo wake. Hati hiyo huitwa Arbeitszeugnis. Tuseme imetafsiriwa na kuambatishwa kwenye maombi yanayokuja huku Chimwaga, kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo matangazo yake ya kazi hutoa anuani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Anayeisoma kwa Kiswahili ataona sifa tupu kuanzia juu hadi chini, ilhali Mjerumani anayesoma karatasi ile ile huenda ameshaona kwamba huyu alikuwa mfanyakazi dhaifu. Hoja yangu ni kwamba tafsiri inayofikisha sifa na kuacha daraja imemdanganya msomaji, hata kama kila neno limetafsiriwa sawasawa. Dawa ipo, nayo ni kutafsiri maandishi bila kuyapamba, kisha kueleza daraja kwenye maelezo ya mfasiri yaliyotengwa na hati yenyewe.

Chanzo cha jambo hili ni masharti mawili yanayovutana. Mahakama za Ujerumani zinataka hati iwe ya kweli, na wakati huo huo iandikwe kwa nia njema ili isimfungie mfanyakazi njia ya kupata kazi nyingine. Mwajiri hawezi kuandika waziwazi kwamba mtu alikuwa mzembe, wala hawezi kumpa mzembe sifa za hodari. Kwa hiyo lugha ya hati ilijipanga katika ngazi ambazo zote zinasikika vizuri. Sentensi ya utendaji hujengwa juu ya neno “Zufriedenheit”, yaani kuridhika, na kupanda au kushuka kwake kunategemea maneno madogo yanayolizunguka. Ngazi ya juu kabisa ni “stets zu unserer vollsten Zufriedenheit”: daima, kuridhika kwetu kulikojaa kupita kote. Ya pili inabaki na “daima” na “kujaa”, lakini bila kile kilele. Ya tatu inapoteza “daima”, ya nne inapoteza na “kujaa”, na kubaki kuridhika kutupu. Ya tano huongeza maneno yenye maana ya “kwa sehemu kubwa”. Ya sita inasema tu kwamba mtu alijitahidi. Ngazi hizi hulinganishwa na alama za shule za Ujerumani, ambako 1 ndiyo bora na 6 ndiyo ya mwisho. Msomaji wa huku azichukulie kama divisheni za kidato cha nne, ambazo nazo ya kwanza ndiyo ya juu.

Kwamba ngazi hizi si uvumi wa mitaani, kesi moja inatosha kuthibitisha. Mwanamke aliyefanya kazi za mapokezi na ofisi katika kliniki ya meno kwa mwaka mmoja, kuanzia Julai 2010, alipewa hati ya ngazi ya tatu. Alidai liongezwe neno “stets”, daima, ili ifike ya pili. Mahakama za chini zilimkubalia, zikitegemea tafiti zilizoonyesha kwamba karibu asilimia 90 ya hati zilizochunguzwa zilikuwa nzuri au nzuri sana, hivyo ngazi ya tatu isingeweza tena kuitwa ya kawaida. Tarehe 18 Novemba 2014 Mahakama Kuu ya Kazi ya Shirikisho, iliyoko Erfurt, ilitengua uamuzi huo. Ilisema ngazi ya tatu ndiyo ya katikati, na anayetaka zaidi athibitishe mwenyewe kwamba utendaji wake ulistahili. Neno moja lilibishaniwa kwa ngazi tatu za mahakama, na upande wowote haukusema ni pambo tu. Mfasiri anayeliruka neno hilo kwa sababu sentensi inapendeza zaidi bila ya kulitumia anafuta kitu chenye uzito wa kisheria.

Ugumu upande wa Kiswahili ni kwamba sisi hatupimi kwa maneno hayo. “Kabisa”, “sana” na “kikamilifu” kwetu hutia nguvu au adabu katika kauli, na mwandishi wa barua huyaongeza au kuyapunguza bila mtu kuhesabu. Kwa hiyo mfasiri achague maneno yake mapema na asiyabadilishe hati hadi hati. Napendekeza hivi, kuanzia juu: “daima alituridhisha kikamilifu kabisa”, “daima alituridhisha kikamilifu”, “alituridhisha kikamilifu”, “alituridhisha”, “kwa sehemu kubwa alituridhisha”. Kwa ngazi ya tano nimekwepa “kwa ujumla”, kwa sababu Mswahili akisema “kwa ujumla ni mfanyakazi mzuri” anakuwa anajumlisha kwa kusifu, wala hapunguzi kitu. Ngazi ya sita ndiyo yenye mtego mkubwa. Kitenzi cha Kijerumani kinatafsirika vizuri kwa “alijitahidi”, lakini mwalimu wa Dodoma akiandika “amejitahidi” kwenye ripoti ya mwanafunzi, mzazi hufurahi. Mjerumani anasikia kwamba jitihada ilikuwepo na matokeo hayakuwepo. Hapa “alijaribu” ni karibu zaidi: “alijaribu kuzitekeleza kazi alizopewa ili zituridhishe”. Kwa kuwa hakuna kinachosemwa juu ya kufanikiwa, kule kunyamaza kunavuka na tafsiri.

Tuchukue mfano wa kutunga. Keshia wa duka mjini Hamburg anarudi Dodoma na hati ambayo kiini chake, kikitafsiriwa kwa uangalifu, kinasema: “Alikuwa akifika kazini kwa wakati. Alizitekeleza kazi alizopewa na alituridhisha. Mwenendo wake kwa wafanyakazi wenzake, wateja na wakubwa wake haukuwa na dosari. Mkataba unakoma kwa makubaliano ya pande zote mbili. Tunamtakia mafanikio.” Mfasiri mwenye huruma huandika “alitekeleza majukumu yake vizuri na kutupa ridhaa kubwa”, kisha “aliheshimu wakubwa na wenzake”, na mwishoni “tunamtakia kila la heri na mafanikio mema”. Kwa mabadiliko hayo matatu hati imepanda ngazi mbili. Utendaji ni wa ngazi ya nne, lakini “vizuri” na “kubwa” vimeuinua. Katika mwenendo, desturi ni kuwataja wakubwa kwanza. Wakiwekwa nyuma, wasomaji wa maofisini Ujerumani huona dalili ya mivutano na uongozi, na mfasiri aliyewarudisha mbele kwa heshima ya Kiswahili amefuta dalili hiyo. Hitimisho la hati nzuri huwa na mambo matatu: masikitiko kwamba mtu anaondoka, shukrani, na kumtakia “aendelee” kufanikiwa. Hapa yamebaki matakwa peke yake, tena bila “aendelee”, kana kwamba mafanikio hayajaanza.

Kuna pia lile ambalo halikuandikwa. Keshia hushika fedha za watu, na hati ya mtu wa kazi hiyo hutarajiwa kutaja uaminifu wake. Hii haitaji, bali imesifu kufika kwa wakati, jambo ambalo kila mfanyakazi anadaiwa. Mahakama ile ile ya Erfurt, mwaka 2008, katika kesi ya mwandishi wa habari, ilikubali kwamba pale ambapo desturi ya kazi fulani inataka sifa fulani itajwe, kuiacha kunaweza kuwa kauli yenyewe. Mfasiri hana ruhusa ya kuingiza neno “mwaminifu” ndani ya maandishi, wala “si mwaminifu”. Mahali pa kulieleza jambo hilo ni chini ya tafsiri, chini ya mstari, pamoja na saini ya mfasiri: “Maelezo ya mfasiri: katika hati za kazi za Ujerumani, sentensi ya utendaji yenye maneno haya husomwa kuwa ya ngazi ya nne kati ya sita, ya kwanza ikiwa ya juu. Hati za makeshia kwa kawaida hutaja uaminifu. Hati hii haikuutaja. Maelezo haya yanahusu desturi ya kusoma, si nia ya mwandishi.” Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Mwenye karakana ndogo huenda aliandika alivyojaliwa bila kuzijua ngazi, na mfasiri hana njia ya kulijua hilo.

Watu husema kwamba sheria ya Ujerumani yenyewe inakataza mafumbo, hivyo hakuna cha kufumbua. Ni kweli kwamba kifungu cha 109 kinataka hati iwe wazi na kinakataza maneno yenye lengo la kusema jambo jingine tofauti na linaloonekana. Lakini ngazi za kuridhika hazina siri: zimo kwenye hukumu za hadharani, na kila ofisi ya utumishi kule inazijua. Pingamizi hili linatusaidia kuweka mpaka. Zimezagaa orodha zinazodai kwamba mtu akiitwa mchangamfu maana yake ni mlevi. Mwaka 2011 mahakama hiyo ya Erfurt ilikataa dai la aina hii, lililosema kwamba kuandika “tumemfahamu kuwa mtu mwenye ari kubwa” ni fumbo la kumaanisha kinyume. Kwa hiyo mfasiri aandike kwenye maelezo yake yale yaliyokwisha kukubaliwa mahakamani au yaliyo desturi isiyobishaniwa. Uvumi, hata ukiwa maarufu, akae nao.

Pingamizi zito zaidi ni la ubinadamu: kwamba maelezo haya yatamnyima mtu wetu kazi, wakati bila hayo angeipata. Hofu hiyo ni ya haki, ila imetazama mtu mmoja tu. Mwenye hati ya ngazi ya pili, “daima alituridhisha kikamilifu”, naye huumia, kwa kuwa tafsiri zilizopambwa zinamweka sawa na yule wa ngazi ya nne, na jasho lake halionekani. Pia wakati mzuri wa kumsaidia mwenye hati dhaifu ni kabla ya tafsiri. Mfasiri amweleze hati yake inasomwaje, kisha yeye aamue kama atamwandikia mwajiri wake kuomba marekebisho. Ajue tu kwamba kuna yasiyodaiwa: mwaka 2012 mahakama hiyo ya Erfurt iliamua kwamba mfanyakazi hana haki ya kulazimisha shukrani na matakwa mema mwishoni. Ajue pia kwamba kuomba hakuadhibiwi, kwa kuwa mwaka 2023 iliamua kwamba mwajiri aliyekwisha kuandika shukrani hizo hawezi kuziondoa kwa sababu tu mfanyakazi alidai marekebisho mengine.

Kinachobaki ni usawa kati ya mfasiri na mfasiri. Leo hati moja ikipelekwa kwa watu wawili, mmoja ataandika “kikamilifu” na mwingine “vizuri sana”, na msomaji hawezi kujua kwamba yote mawili yametoka kwenye neno moja. Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo hushughulikia huduma za tafsiri, lina nafasi ya kutoa sentensi sita za Kiswahili, moja kwa kila ngazi, pamoja na maneno ya kawaida ya maelezo ya mfasiri. Mpaka hapo, anayepokea tafsiri ya hati ya Kijerumani bila maelezo yoyote chini yake aombe nakala ya asili iambatishwe, na amwombe mfasiri aonyeshe sentensi ya kuridhika iko wapi na ina maneno gani pembeni yake.