Nguzo ya Tatu

Simama katikati ya barabara tupu, iliyonyooka na tambarare, yenye upana wa mita 6. Fumba jicho moja, kisha uwaze kioo cha dirisha kimesimamishwa wima nusu mita mbele yako. Ukizichora kingo za barabara juu ya kioo hicho, pale zilipo mita 10 kutoka kwako zitaachana sentimita 30. Kwenye mita 100 zitaachana sentimita 3, na kwenye mita 1000, milimita 3 tu. Kingo zenyewe hazijasogeleana hata kidogo. Umbali umeongezeka mara kumi, na upana kiooni umepungua mara kumi.

Kimo chako nacho hupungua hivyo hivyo. Jicho likiwa mita 1.5 juu ya lami, nafasi iliyo kati ya lami na usawa wa jicho husinyaa kiooni kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo kingo zote mbili huelekea nukta moja, nayo iko kwenye usawa wa macho yako. Ukichuchumaa, inashuka pamoja nawe. Mwitaliano Leon Battista Alberti aliieleza picha kwa namna hii katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435: ni mahali ambapo miale inayoelekea jichoni imekatwa.

Kuichora barabara basi ni kazi nyepesi. Piga mstari wa upeo wa macho, weka nukta juu yake, shusha mistari miwili hadi chini ya karatasi. Ninachokistahi zaidi ni nguzo za umeme za kando, maana hapo ndipo wengi huteleza: huzipunguzia nafasi kwa kukisia, na mwishowe nguzo za mbali huonekana zimepandwa ovyo.

Chora nguzo ya kwanza, sentimita 8. Toka kileleni na mguuni pake, piga mistari hadi kwenye nukta. Simamisha ya pili kati ya mistari hiyo, tuseme sentimita 6, na uweke alama katikati yake. Sasa laza rula kutoka kilele cha nguzo ya kwanza, ipite kwenye alama ile, hadi ikate mstari wa miguu. Hapo ndipo inaposimama ya tatu. Ipime: sentimita 4.8. Rudia, ya nne itakuwa 4.

Siri yake ni mstatili. Nguzo tatu zilizoachana sawa hufanya mistatili miwili iliyopakana, na mshazari wa mistatili hiyo ikiunganishwa lazima upite katikati ya nguzo ya kati. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka kiooni, kwa hiyo kanuni hiyo haivunjiki hata nguzo zikisinyaa.

Barabara ikianza kupanda mlima, kingo za kipande hicho hutafuta nukta nyingine, juu ya upeo wa macho, wima juu ya ile ya kwanza ikiwa barabara haijakata kona.